Kupelekwa Tukuyu: paniki ya ukweni na zile kinga zinazotuponza

Ukimwambia mtu unaogopa kwenda kutambulishwa kwa kina mchumba wako, atakujibu hata mimi niliogopa, ukishafika tu inaisha. Sibishi, kwa wengi ndivyo inavyokuwa. Ila tupo wengine ambao safari ikikaribia usingizi unakata saa nane usiku, umelala tu kitandani lakini moyo unaenda mbio, vidole vinashika ganzi, koo linabana unaona kabisa hewa haiingii, na kichwani una wazo moja tu, kwamba nakufa au nachanganyikiwa. Alafu asubuhi unaoga unaenda kazini kama kawaida na hakuna anayejua umelala vipi. Hiyo ndo naandika leo, sababu nimeipitia, nimeuliza watu wanaojua mpaka nikaielewa, na najua kuna mtu anasoma hapa ana safari yake mwezi ujao na hajamwambia mtu.

Mi ni Mhehe, nakaa Iringa mjini, kwetu Kilolo. Mchumba wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, wazazi wake wanakaa nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Na nina binti wa miaka minne ambaye baba yake hatuko pamoja tena. Hilo la mwisho ndo lilikuwa linanitoa usingizini. Sio ukabila, sio chakula, sio lugha. Ni kwamba naenda kwenye familia ya watu waliolea kijana wao wakamsomesha, na mimi naenda na mtoto wa mwanaume mwingine, hata kama siku hiyo nimemwacha kwa bibi yake.

Nianze na mwili, maana bila kuuelewa mwili haya mengine hayaeleweki.

Ilipoanza kunijia usiku nilidhani ni presha. Nikaenda hospitali, wakapima presha, sukari, wingi wa damu, wakanipiga na kile kipimo cha umeme wa moyo, vyote viko sawa. Daktari akanipeleka kwa muuguzi wa afya ya akili, mama mmoja mtu mzima mpole sana, na yeye ndo alinikalisha akanieleza kitu ambacho natamani kifundishwe shuleni. Alisema mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, misuli inakaza, unaanza kupumua haraka haraka ili uweze kupigana au kukimbia. Sasa wewe hukimbii popote, umelala kitandani, kwa hiyo unapumua kuliko mwili unavyohitaji, na ukipumua hivo unatoa hewa ukaa nyingi mno kwenye damu. Hewa ukaa ikipungua ndo unapata ganzi ya vidole na midomo, kizunguzungu, kifua kubana. Na hapa ndo kwenye mtego, unahisi hewa haitoshi wakati hewa unayo ya kutosha na zaidi, basi unavuta kwa nguvu, na kila unavyovuta ndo unaongeza hicho hicho kinachokutesa.

Akaendelea, kinachogeuza hali hii kuwa paniki ni ile tafsiri. Moyo umeenda mbio, wewe ukaamua ni mshtuko wa moyo, hiyo tafsiri ni hatari mpya, adrenalini inaongezwa, moyo unakimbia zaidi, nawe unapata ushahidi zaidi. Mduara. Mwanasaikolojia wa Kiingereza David Clark aliuandika mduara huu vizuri mwaka 1986 na mpaka leo matibabu mengi ya paniki yamejengwa juu yake. Cha kunifariji mimi kilikuwa kwamba mduara una kikomo, kwa kawaida paniki inafika kileleni ndani ya dakika kama 10 alafu inaanza kushuka yenyewe hata usipofanya kitu. Kinachofuata ni uchovu, unakuwa kama umebeba mizigo.

Kabla sijaendelea, tafadhali usijipime mwenyewe kwa makala yangu. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda mlima au ukibeba kitu, yanayoenda mkononi au kwenye taya, kuzimia kabisa, moyo kwenda mbio bila mpangilio, hayo ni ya kwenda hospitali kwanza. Mimi nilipimwa ndo nikaambiwa ni paniki, sikuanza kwa kusema ni paniki. Na ule ushauri wa kupumulia kwenye mfuko wa karatasi achana nao, siku hizi haushauriwi, maana kama tatizo lilikuwa moyo au pumu mfuko unaweza kukumaliza.

Alichonifundisha kufanya ni kidogo sana. Kuvuta hewa kwa pua taratibu ukihesabu mpaka nne, bila kujaza kifua, kisha kuitoa ukihesabu mpaka sita, basi, dakika chache. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Lakini akanionya kitu ambacho sikukitegemea, akasema usiifanye hiyo pumzi kuwa hirizi. Ukianza kuamini kwamba bila kuhesabu utakufa, basi umeongeza kitu kingine cha kuogopa. Unapumua hivo ili mwili usizidishe, sio ili kuokoka, maana hakuna cha kukuokoa nacho.

Sawa. Mwili nikauelewa. Lakini swali la mtoto halikutoka kwa kuhesabu mpaka sita, na hapa ndo naona ushauri mwingi wa mtandaoni unatuangusha, unachukua hofu zote unaziita wasiwasi alafu unakuambia tulia. Kuna hofu ambayo ni mwili unapiga kelele bila sababu, na kuna hofu ambayo ni swali halali ambalo halijajibiwa. Swali halali dawa yake ni jibu. Mi swali langu lilikuwa, wanajua?

Nikamuuliza mchumba wangu wazi wazi jioni moja tumekaa. Akasema mama anajua, alimwambia muda mrefu. Na baba je? Akasema baba ataambiwa na mama. Nikashikwa na hasira kidogo, nikamwambia kwa hiyo naenda nyumbani kwa mzee ambaye sijui kama anajua nina mtoto? Akanieleza kwamba kwao jambo kama hilo mtoto wa kiume halipeleki kwa baba yake moja kwa moja, linapitia kwa mama au kwa shangazi, na mama ndo anajua saa ya kulisema. Nikifikiria hata kwetu ni hivyo hivyo, mama yangu ndo aliyempelekea baba habari ya ujauzito wangu, mimi nisingethubutu. Kwa hiyo nikamwomba kitu kimoja tu, amuulize mama kama ameshasema, kabla hatujapanda basi. Akapiga simu mbele yangu. Mama akasema, "Nilishamwambia baba yako. Njooni." Hakuongeza neno. Nilitamani angesema mzee alijibu nini, lakini angalau nilijua siendi kulificha jambo, wala siendi kulifichua.

Hiyo simu ilinisaidia kuliko mazoezi yote. Kama una kitu unachohisi kitawafanya wakukatae, mtoto, dini, umri, ndoa iliyovunjika, ugonjwa, ulizia kabla hujasafiri nani anajua na nani hajui, na aliyempeleka hiyo habari ni nani. Kwenda bila kujua ndo kunakufanya ukae kwenye kochi la watu unasoma nyuso zao, na mtu mwenye paniki akisoma nyuso hasomi kitu kizuri hata siku moja.

Kisha nikampigia wifi, dada yake mchumba wangu, tulikuwa tunachati kidogo wotsapu. Sikumuuliza kama watanipenda, maana swali hilo hakuna anayeweza kulijibu, atakuambia watakupenda sana na usiku utaamka tena. Nilimuuliza vitu vyenye majibu. Nani atatupokea? Nasalimiaje? Nalala wapi? Nikifika nakaa sebuleni au naenda jikoni? Baba anakula na sisi? Akacheka lakini akanijibu kimoja kimoja. Mama na shangazi watakuwepo. Wasalimie kwa kupiga goti kidogo, sema mugonile, ukikosea hakuna neno. Utalala na mimi chumbani kwangu. Unywe chai kwanza, usiende jikoni mbio mbio, wewe bado mgeni, mama akiinuka kwenda jikoni ndo umfuate.

Na la baba ndo nililoshukuru zaidi. Alisema, "Wifi, baba hatakuangalia sana. Usije ukaumia." Akanieleza kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani baba mkwe na mkwe wake wa kike walikuwa wanakwepana kabisa kwa heshima, hawatazamani, hawali pamoja, mkwe akimwona mzee anakuja njiani anapisha pembeni. Siku hizi wengi hawafuati, hasa mjini, ila baba yao ni mzee wa kale, bado anayo kiasi. Atasalimia, atauliza safari, alafu atatoka nje. Wala hajakasirika.

Fikiria kama ningefika sijui hilo. Mzee anakusalimia akiangalia mlango, alafu anachukua kofia yake anatoka, na wewe una mtoto nje ya ndoa. Mwenye paniki angeshahukumiwa, akafungwa na akafukuzwa kabla chai haijaja. Kila nyumba ina taratibu zake ambazo mgeni akiziona anaweza kuzisoma kama chuki, mtu wa ndani tu ndo anaweza kukutafsiria mapema. Mchumba wangu mwenyewe hakukumbuka kuniambia, yeye amezaliwa humo, haoni kama ni kitu. Ndo maana muulize dada mtu, au mke wa kaka mtu kama yupo, huyo ndo ameingia kama mgeni kama wewe.

Safari yenyewe sina mengi. Basi la asubuhi kutoka Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala, mpaka Uyole, hapo tukashuka na baridi ile ya Uyole inakupiga hata kama jua linawaka, tukachukua koasta ya Tukuyu. Nilikuwa na vikapu vya Iringa viwili vizuri vya milulu, vitenge, sukari na sabuni. Tulipopita Kiwira ikanijia. Ganzi kwanza, alafu koo, alafu lile wazo la nishuke, mwambie konda asimamishe nishuke. Mchumba wangu akaniona akaniuliza tushuke? Nikasema hapana, tukae. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba ukishuka mwili unajifunza kuwa kushuka ndo kumekuokoa, na koasta inayofuata itakuwa ngumu zaidi. Nikaacha iwe. Nikatoa pumzi ndefu ndefu, nikaangalia nje, migomba, chai, mlima Rungwe juu una wingu. Tulipokaribia stendi ya Tukuyu ilikuwa imeshashuka, nimebaki na uchovu na mikono ya baridi.

Sasa nifike kwenye kiini, maana paniki mtu anaijua, ila kinachofuata baada ya paniki ndo kinachoharibu ukweni na watu wengi hawakioni.

Yule muuguzi aliniambia kwamba mtu mwenye hofu ya kuhukumiwa anajitengenezea kinga, vitu vidogo anavyofanya ili aibu isitokee. Clark huyo huyo na mwenzake Adrian Wells waliyaeleza haya mwaka 1995 kuhusu watu wanaoogopa kujumuika na wenzao. Akaniambia niandike zangu kwenye karatasi. Nikaandika. Sitakula sana, sababu koo linabana. Sitashika kikombe mbele za watu, mkono utatetemeka. Nitaongea kidogo ili nisikosee. Nitakaa karibu na mchumba wangu muda wote. Nikizidiwa nitashika simu. Na nimeandaa sentensi za kusema, nimezikariri.

Akaisoma ile karatasi alafu akaniuliza, "Mama mkwe akimwona binti hali, hanywi, haongei, kamng'ang'ania mwanaume, na simu mkononi, atafikiri nini?"

Sikuwa na cha kujibu. Atafikiri naringa. Atafikiri chakula chao nakiona kichafu. Huku kwetu Nyanda za Juu ugeni ni chakula, mtu anaamka alfajiri anachinja kuku kwa ajili yako, ukikidokoa dokoa ukasema nimeshiba umemtukana hata kama umetabasamu. Yani kile unachofanya ili wasikukatae ndicho wanachokuja kukusema nacho ukishaondoka. Na wao hawawezi kujua kwamba ni hofu, hofu haionekani, kinachoonekana ni sahani imebaki imejaa. Alafu wao wakipoa kidogo kwa sababu wanaona unaringa, wewe unauona ule upoaji unasema si nilijua hawanitaki, kinga inaongezwa. Nina rafiki yangu mmoja Njombe aliyesemwa ukweni miaka kwa sababu siku ya kwanza hakula, na alikuwa hajala tangu jana yake kwa woga. Hakuna aliyekaa chini na mwenzake wakaongea ukweli.

Mpango wetu na muuguzi haukuwa kuziacha zote siku moja. Alisema chagua zile zinazoonekana na wenyeji, uziache hizo kwanza. Nikachagua kikombe, chakula na simu. Simu ilikuwa rahisi, nilimpa mchumba wangu akae nayo, nikamwambia mama akipiga kuhusu mtoto ndo anipe.

Kikombe kilikuwa kazi. Chai ililetwa, ya maziwa, moto, kikombe kimejaa mpaka juu, mama na shangazi wamekaa mbele yangu. Kinga yangu ilikuwa nikiache mezani kipoe, au nikishike kwa mikono miwili nimekikumbatia. Nikakishika kwa mkono mmoja kama mtu yeyote. Mkono ulitetemeka, chai ikamwagikia kisahani. Shangazi akaona. Akasema, "Pole, baridi ya huku hiyo," akamwambia wifi aniletee sweta. Ndo ikawa imeisha. Nililoliogopa usiku kucha lilitokea kabisa, mbele ya macho yao, na maana waliyoipa ilikuwa baridi ya Tukuyu. Kama ningekumbatia kile kikombe nisingejua kamwe, ningeondoka nasema nimenusurika kwa sababu nilikikumbatia. Hapo ndo ubaya wa kinga ulipo, haikuruhusu uone kwamba bila yenyewe pia ungekuwa sawa.

Kingine alichonifundisha ni macho yawe wapi. Mtu akiwa na hofu macho yake yako ndani, anajiangalia, sauti yangu ikoje, uso wangu mwekundu, nimekaa vibaya. Ukijiangalia hivo unatengeneza picha yako kichwani, unaamini na wao wanaona hiyo hiyo, na hutasikia hata swali uliloulizwa. Dawa ni kuyatoa nje, uangalie kitu kilichopo kweli. Mama alipoinuka kwenda jikoni nikamfuata kama wifi alivyonielekeza, nikakuta ndizi za kumenya, walikuwa wanapika mbalaga na nyama. Nikaomba kisu. Ndizi mbichi ina utomvu unaoganda mkononi kama gundi na unakuwa mweusi, mama akanipakaza mafuta viganjani kwanza, akanionyesha wanavyokata ganda kwa urefu alafu unaingiza kidole unalibandua. Mi nimezoea ndizi lakini sio kwa kasi ile. Nikaangalia mikono yake tu. Sijui ilichukua muda gani, ila kuna wakati nilishtuka kwamba sijaangalia moyo wangu unaendaje kwa muda mrefu, na tulikuwa tunaongea habari za mvua na bei ya parachichi na jinsi Iringa kulivyo kukavu, na wala sikuzitumia zile sentensi nilizokariri.

Ni hapo jikoni mama aliponiuliza. Hakunitazama, anamenya. "Mtoto umemwacha na nani?"

Nikasikia mwili wote unashuka. Nikajibu, nimemwacha kwa mama yangu Kilolo. Akauliza anaitwa nani, nikamtajia. Ameanza shule? Nikasema mwakani chekechea. Akauliza, "Baba yake anamtunza?" Nikasema ukweli, anatuma mara moja moja, sio kila mwezi, na hatuna ugomvi. Akasema haya. Akaongeza ndizi kwenye sufuria.

Nataka kuwa mkweli kuhusu lile "haya". Sijui lilikuwa na maana gani. Halikuwa baya, halikuwa zuri, lilikuwa haya ya mama anayepika. Zamani ningelichukua nikalifanyia kazi mpaka asubuhi. Nilichofanya ni kulikubali kama jibu ambalo halijakamilika, kwa sababu kweli halijakamilika, familia haikubali mtu jikoni siku ya kwanza. Wanaenda kukaa, wanaongea wenyewe, shangazi anasema yake, baba anasema yake, wanaulizana. Mtu anayetaka hukumu itoke kabla hajapanda basi la kurudi anajitesa kwa kitu ambacho hata wao hawajakiamua.

Baba alifika jioni. Nikapiga goti, mugonile baba. Akaitikia akiangalia upande wa dirisha, akauliza barabara ikoje Makambako, akauliza wazee wangu hawajambo, akatoka. Wifi akanibinya mkono. Mchana wa kesho yake akapita uani nikiwa naosha vyombo, akasimama mbali kidogo, akamwambia wifi, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, "Mwambieni mgeni maji ya baridi hayo asioshe, achemshe kwanza." Nilijua ni salamu yangu. Sina hakika kama ilikuwa zaidi ya salamu.

Tukirudi Iringa ndo ikaja ile nyingine ambayo watu hawaisemi, kurudia. Umekaa kwenye basi unacheza mkanda mzima upya, nilivyocheka pale, nilivyochelewa kujibu kule, shangazi alivyomwangalia mama. Kurudia huku kunatengeneza kumbukumbu mpya mbaya kuliko ilivyokuwa, kwa sababu unachagua vile vipande vya aibu tu. Dawa niliyopewa ni kuandika yaliyosemwa na yaliyofanywa peke yake, bila tafsiri. Shangazi aliagiza sweta. Mama aliuliza jina la mtoto. Baba alisema maji yachemshwe. Wifi aliniambia nirudi. Nikaandika kwenye simu tukiwa Chimala, na kila mkanda ulipoanza upya nikawa nafungua nasoma yale yale, hakuna kuongeza mstari. Kwa siku chache za mwanzo niliufungua mara nyingi kweli, alafu ikapungua.

Nikisema paniki imeisha nitakuwa nadanganya. Imenijia tena tangu nirudi, usiku mmoja bila hata sababu, nikajua ni nini nikalala. Muuguzi anasema ikiwa inakuja mara kwa mara mpaka naanza kukwepa mabasi, kazi au watu, nirudi, kuna tiba ya mazungumzo ya wiki kadhaa na kuna dawa pia, na zote zinafanya kazi.

Na ukweni, tulipo sasa ni hapa. Shangazi alimpigia mchumba wangu, akamuuliza kama upande wa baba wa mtoto unaweza kuja kumdai baadaye, na kama mtoto atakaa nasi au kwa bibi yake. Mchumba wangu alitaka kukasirika, mi nikamwambia hapana, hayo ni maswali ya watu wanaopanga. Nimemjibu shangazi mwenyewe kwa simu, kwamba tutakaa naye, na kwamba nitamleta baba yangu mdogo alieleze la upande wa pili kama inavyotakiwa. Akasema atayafikisha. Baba bado hajasema kitu. Mama alipiga wiki iliyopita, aliongea na binti yangu kidogo, akamuuliza anapenda ndizi au ugali, binti akasema wali.